Maswali ya maumbo kwenye usaili: kisanduku cha tisa kilikuwa na jibu gani?

Njugu_Mawe
Wakuu habari. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye usaili wa kampuni moja hapa Dar. Kabla ya kuonana na mtu yeyote tukapewa karatasi ya maumbo matupu, hakuna hata neno moja. Unapewa visanduku tisa, cha mwisho kina alama ya kuuliza, wewe unachagua kinachofaa kukaa pale. Mengi nilipita nayo vizuri, ila moja limenikaa kooni mpaka leo. Nimelichora kwa kumbukumbu, kila kisanduku kina vijiti vinavyokatana katikati:

Safu ya juu: [kilichosimama + kilicholala] [kilicholala] [kilichosimama]
Safu ya kati: [kilichosimama + kilichoinama] [kilichosimama] [kilichoinama]
Safu ya chini: [kilicholala + kilichoinama] [kilicholala + kilichosimama] [ ? ]

Majibu ya kuchagua:
A. kisanduku kitupu
B. kilichoinama peke yake
C. kilichosimama + kilichoinama
D. kilichosimama peke yake
E. vyote vitatu

Mimi nilijaza A. Jamaa niliyekaa naye kajaza B. Tumebishana kwenye daladala kuanzia Posta mpaka Mbagala. Nani kapata?

Mkaa_Jikoni
Wote mmekosa, ndiyo maana mlipanda daladala badala ya gari la kampuni 😂

Mtoa_Hesabu
A iko sahihi, mkuu. Hesabu vijiti. Juu: 2, 1, 1. Kati: 2, 1, 1. Yaani cha kwanza toa cha pili unapata cha tatu. Chini: 2 toa 2 ni sifuri. Kisanduku kitupu. Ukijumlisha kila safu pia unapata 4, 4, 4. Imefunga kila upande, hakuna mjadala.

Njugu_Mawe
Mtoa_Hesabu, hivyo hivyo ndivyo nilivyofikiri. Asante.

dada_wa_Mikocheni
Subirini kidogo. Hesabu inasema *vingapi*, haisemi *vipi*. Kwenye safu ya juu kijiti kilichobaki si kijiti chochote tu, ni kile kilichosimama, kwa sababu kilicholala ndicho kilichotolewa. Safu ya kati hivyo hivyo: kimetolewa kilichosimama, kimebaki kilichoinama. Sasa chini una kilicholala na kilichoinama, unatoa kilicholala na kilichosimama. Kilicholala kinaondoka. Kilichosimama hakikuwepo, huwezi kutoa usichonacho. Kinabaki kilichoinama. Jibu ni B. Jamaa yako wa daladala yuko sahihi.

Mtoa_Hesabu
Huwezi kutoa usichonacho? Waambie wenye mikopo ya simu hayo.

Kipepeo77
Mimi naona mzunguko. Safu ya juu, kutoka cha pili kwenda cha tatu, kijiti kimelala halafu kimesimama, yaani kimezunguka nyuzi 90. Safu ya kati kilikuwa kimesimama kikainama, kimezunguka 45. Kwa hiyo mzunguko unapungua kwa nusu: 90, 45, halafu 22 na nusu. Tatizo jibu la 22 na nusu halipo hapo, labda Njugu umesahau kulichora.

Mkaa_Jikoni
Kipepeo, ukiona jibu lako halipo kwenye orodha, usiilaumu orodha.

Kobe_Mzee
Nimesimamia majaribio ya namna hii kwa miaka kadhaa, niseme kidogo.

Mtoa_Hesabu, kuhesabu ni hatua nzuri ya kwanza ila ukiishia hapo unanaswa. Watunzi wanajua watu wanakimbilia idadi, kwa hiyo jibu la idadi karibu kila mara wanaliweka kama mtego. A imewekwa kwa ajili yako.

Dada wa Mikocheni kaenda hatua moja mbele, lakini kasoma upande mmoja tu, kushoto kwenda kulia. Swali lililotungwa vizuri mara nyingi linasomeka pia kutoka juu kwenda chini. Chukueni visanduku vya kushoto: cha juu kina kilichosimama na kilicholala. Cha kati kina kilichosimama na kilichoinama. Cha chini kina kilicholala na kilichoinama. Jaribuni kanuni ya kutoa hapo. Ukitoa cha kati kwenye cha juu kinabaki kilicholala peke yake. Lakini chini kuna kilicholala NA kilichoinama. Kutoa kumevunjika.

Sasa tazameni kilichotokea kweli: kilichosimama kipo kwenye vyote viwili vya juu, kikafutika. Vile viwili ambavyo kila kimoja kilikuwa upande mmoja tu, vimebaki. Kinachofanana kinafutika, kisichofanana kinabaki. Rudini nayo kwenye safu ya juu: kilicholala kipo kote, kimefutika, kimebaki kilichosimama. Safu ya kati: kilichosimama kipo kote, kimefutika. Inakubali. Safu ya chini: kilicholala kipo kote, kinafutika, vinabaki kilichoinama na kilichosimama. C.

Na upande wa kulia ukishuka: kilichosimama, kilichoinama, hakuna kinachofanana, vyote viwili vinabaki. C tena.

Njugu_Mawe
Daah. Kwa hiyo tumekosa wote wawili, na nauli tumelipa.

dada_wa_Mikocheni
Kobe, nimekuelewa, lakini nani kasema lazima isomeke kwenda chini? Karatasi ilikuwa na maelekezo hayo?

Kobe_Mzee
Haikuwa nayo, na huwa haina. Ndiyo maana nimesema mara nyingi, sikusema kila mara. Yapo maswali yanayosomeka kwa safu tu. Lakini ukiwa na kanuni mbili zinazogombana, ile inayosimama pande zote ndiyo ya kuiamini. Ya kutoa inasimama kwa pembeni tu, ya kufutana inasimama kote. Ingekuwa bahati ya ajabu mtu kuchora vijiti ovyo halafu vikubali kwa chini bila yeye kukusudia.

Nyoka_wa_Kijani
Mnahangaika bure. Mimi sioni kutoa wala kufutana. Mimi naona kila kijiti kinatokea mara mbili kwenye safu. Juu: kilichosimama mara mbili, kilicholala mara mbili. Kati: kilichosimama mara mbili, kilichoinama mara mbili. Chini kilicholala tayari ni mara mbili, kilichoinama kimetokea mara moja, kilichosimama mara moja. Wanadai mwenzao. Jibu C. Sekunde kumi.

Kobe_Mzee
Nyoka, hiyo ni kanuni ileile imevaa shati jingine. Kinachofanana kikifutika, maana yake kitu kikiwepo kwenye cha kwanza na cha pili hakiwi cha tatu, na kikiwepo kwenye kimojawapo lazima kitokee cha tatu. Kwa vyovyote kinatokea mara mbili au hakitokei kabisa. Ila namna yako ya kuiona ni nyepesi kwa macho, sibishi.

Kuna utafiti wa 1990 wa Carpenter, Just na Shell, Wamarekani, walichukua maswali magumu ya jaribio la Raven, ambalo ni la maumbo kama haya, wakafuatilia macho ya watu wakiwa wanayafanya. Hiyo ya "mbili kati ya tatu" waliihesabu kama kanuni ya peke yake, na ndiyo miongoni mwa zinazosumbua watu zaidi. Pia waliona kwamba mtu hazioni kanuni zote kwa mkupuo. Anafananisha kisanduku kimoja na cha jirani, anapata kanuni moja, anaishika, anarudi kutafuta nyingine. Anayeshindwa mara nyingi si kwamba haoni, bali ile ya kwanza inamponyoka wakati anatafuta ya pili.

Kipepeo77
Na mzunguko wangu?

Kobe_Mzee
Mzunguko wako umeutoa kwenye hatua mbili za visanduku sita, Kipepeo. Kwanza jiulize kama kitu chenyewe kinaweza kukuonyesha mzunguko. Kijiti kitupu kikizunguka nyuzi 90 kufuata mishale ya saa, au 90 kinyume chake, kinaishia kwenye mkao uleule. Huwezi kujua kimeelekea wapi. Mtunzi anayetaka mzunguko anakupa kitu chenye kichwa: mshale, bendera, herufi L, duara lenye alama ukingoni. Ukiona kijiti kisicho na kichwa wala mkia, mzunguko uwe dhana yako ya mwisho.

Mama_Zuhura
Naomba niulize hapohapo kwenye mzunguko. Sisi tuko Kent, Uingereza. Mwanangu yuko mwaka wa tano, mwakani anafanya ule mtihani wa kuingia shule za kuchagua wanafunzi, na ndani yake kuna maumbo. Vijiti na kuhesabu anaweza. Anakosea mahali umbo limezungushwa na mahali limegeuzwa kama kwenye kioo. Anayaona sawa. Mimi mwenyewe nikikaa naye nayaona sawa. Tunaishia kugeuza kitabu mpaka shingo zinauma.

Bi_Shangwe_Tanga
Mama Zuhura pole mwanangu. Mkate karatasi, umbo alishike mkononi. Likizungushwa mezani likafika, ni mzunguko. Ikimlazimu alibinue uso chini, ni kioo. Wajukuu wangu nimewafundisha kwa kipande cha boksi la sabuni.

Mama_Zuhura
Shikamoo Bi Shangwe, asante. Nyumbani tutafanya. Ila kwenye mtihani hana mkasi.

Kobe_Mzee
Njia ya Bi Shangwe ndiyo ya kuanzia. Kwenye mtihani afanye hivi: achague alama tatu kwenye umbo, azisome kwa mduara kufuata mishale ya saa. Tuseme pembetatu ina nukta nyeupe kona moja, nukta nyeusi kona nyingine, nyota kona ya tatu. Anaanza na nyeupe: nyeupe, nyeusi, nyota. Anakwenda kwenye umbo la pili, anaanza tena na nyeupe popote ilipo. Akisoma nyeupe, nyeusi, nyota, limezungushwa, hata kama limesimama kichwa chini. Akisoma nyeupe, nyota, nyeusi, limepita kwenye kioo. Hakuna kugeuza kitabu.

Inagoma mahali pamoja tu: umbo likiwa na pande mbili zinazofanana, kama moyo au herufi T. Hilo kioo na mzunguko vinaweza kutoa picha moja, na hapo mtunzi makini haulizi tofauti.

Mama_Zuhura
Nimemjaribu sasa hivi akiwa na uji mkononi, amepata nne kati ya tano. Nimeshukuru sana.

Wa_Embu
Sasa nyinyi wote mnafundisha watoto mbinu, hii kitu si ilikuwa ipime akili yenyewe bila masomo? Nilisikia Raven aliitengeneza 1938 akitaka kitu ambacho lugha na shule haviingilii. Mtoto akifundishwa "soma kwa mduara", umepima nini hapo?

Mkaa_Jikoni
Umepima mama yake.

Kobe_Mzee
Wa Embu, swali zuri na silimalizi hapa. Mwaka ni sahihi, 1938. Ile ya kawaida ina maswali 60, seti tano za kumi na mbili. Seti A ni kama kitambaa kilichotobolewa, unatafuta kiraka. Kufika seti E unakutana na mambo haya ya vijiti kufutana. Na hata ndani yake yenyewe maswali ya mwanzo yanakufundisha ya mbele, ndiyo maana yamepangwa kwa ugumu. Kwa hiyo kujifunza kumo tangu mwanzo. Aliyewahi kuona karatasi za namna hii huwa anapanda akirudia. Hilo nimeliona mara nyingi kwa macho yangu.

Bi_Shangwe_Tanga
Na mtoto ambaye hajawahi kushika penseli je? Picha ya karatasi nayo ni lugha.

Kobe_Mzee
Bi Shangwe umegusa penyewe. Kuna mtafiti anaitwa Robert Serpell, 1979 alilinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi wa Manchester walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, wa Lusaka wakawapita, maana hao ndio wanaotengeneza magari ya waya mtaani. Kwa udongo wa mfinyanzi wakalingana. Ule uwezo wa kuona umbo ulikuwepo pande zote, kilichobadilika ni kitu walichopewa mkononi.

Wa_Embu
Gari za waya nimetengeneza mpaka na usukani. Kumbe nilikuwa najiandaa kwa intavyu.

Tairi_Bovu
Mimi niwape kisa cha kivuli, maana hakuna aliyekigusa. Niliwahi kufanya haya maswali kwenye ofisi fulani, karatasi zilikuwa fotokopi ya fotokopi. Swali lilikuwa na maduara: meusi, meupe na ya kijivu. Kanuni ilikuwa kila safu iwe na moja la kila rangi, rahisi kabisa. Lakini kwenye nakala yangu kijivu kilikuwa kimefifia chote kikawa cheupe. Nikaona safu ya kwanza nyeusi, nyeupe, nyeupe. Safu ya pili nyeupe, nyeusi, nyeupe. Nikajenga kanuni yangu kwamba nyeusi inatembea hatua moja kwenda kulia. Safu ya tatu nikaiweka nyeusi mwisho.

dada_wa_Mikocheni
Sasa si ulipata? Kama safu ya tatu ilikuwa na nyeupe na kijivu, inayodai ni nyeusi.

Tairi_Bovu
Nilipata, dada! Kwa kanuni isiyo yenyewe. Lililofuata lilikuwa la namna hiyohiyo, ila aliyekosekana ni kijivu. Kwenye majibu nikaona meupe mawili yanafanana kabisa, nikamwita msimamizi nikamwambia mmerudia jibu. Akaniambia fanya kazi yako. Kwa hiyo ukiona majibu mawili yanafanana kama mapacha, jua kuna kivuli printa imekila.

Nyoka_wa_Kijani
Mimi nina mbinu chafu, nisameheni. Angalieni majibu ya Njugu bila kutazama swali. Kilichoinama kimo kwenye B, C na E. Kilichosimama kimo kwenye C, D na E. Kilicholala kimo kwenye E tu. Vinavyorudiwa sana ni kilichoinama na kilichosimama. Jibu lenye hivyo viwili tu ni C. Mtunzi anaanza na jibu sahihi halafu anaharibu kitu kimoja kimoja kupata ya uongo, kwa hiyo jibu sahihi linafanana na wenzake wengi.

Mtoa_Hesabu
Yaani umepata bila kusoma swali. Mimi nimesoma swali nikakosa. Naacha hesabu.

Kobe_Mzee
Nyoka, inafanya kazi kwa watunzi wavivu, na wako wengi. Mwenye kujua kazi anasambaza vitu kwenye majibu sawasawa mpaka hesabu yako haisemi kitu. Itumie dakika zikikuishia, usiianzie.

Njugu_Mawe
Wakuu, nimerudi. Baada ya kusoma kisa cha Tairi_Bovu nimeshtuka. Kwenye ile karatasi kila kisanduku kilikuwa na kiduara kidogo kwenye kona. Mimi nilidhani ni mapambo. Na majibu yalikuwa sita siyo matano! F ilikuwa na vijiti sawa na C, mimi nikaona ni C imerudiwa, sikuiandika hapa. Nimempigia jamaa yangu, anakumbuka hivi:

Juu: cheusi, cheupe, cheusi
Kati: cheupe, cheusi, cheusi
Chini: cheusi, cheusi, ?

C kiduara chake cheupe, F cheusi.

Mkaa_Jikoni
Kurasa mbili za mjadala, mapambo!

Nyoka_wa_Kijani
Kila safu ina vyeusi viwili na cheupe kimoja. Chini vyeusi viwili vipo tayari. Kinachodai ni cheupe. C.

dada_wa_Mikocheni
Safari hii sikubali haraka. Mimi naona hivi: kikiwepo cheusi kwenye kimojawapo, cha tatu ni cheusi. Juu kuna cheusi, matokeo cheusi. Kati kuna cheusi, matokeo cheusi. Chini viko viwili, sembuse. Cheusi. F. Na safari hii nimekwenda na chini kabisa, Kobe: kushoto cheusi, cheupe, chini cheusi. Katikati cheupe, cheusi, chini cheusi. Kulia cheusi, cheusi, chini cheusi. Inasimama pande zote kama ulivyotaka.

Kobe_Mzee
Dada, umenibana. Nimeipitia mara mbili. Kanuni yako inasimama pande zote na ya Nyoka inasimama pande zote. Sababu ni kwamba hakuna mahali, si kwa pembeni wala kwa chini, ambapo tumeonyeshwa vyeusi viwili vikikutana na matokeo yake yanaonekana. Vinakutana mara mbili tu, na mara zote mbili matokeo ni kilekile kisanduku cha tisa. Kwenye vijiti tulikuwa na safu ya kushoto iliyotuamulia. Hapa hakuna mwamuzi.

Mimi ningechagua C kwa kuwa vijiti vinafutana, nategemea mtunzi ametumia kanuni moja kwa vyote. Lakini hiyo ni kubahatisha tabia ya mtunzi. Kuthibitisha siwezi.

dada_wa_Mikocheni
Na wengi wanaweka kanuni tofauti makusudi, moja ya vijiti na nyingine ya rangi, ili swali liwe gumu. Nabaki na F.

Kipepeo77
Jamaa ana uhakika na kiduara cha kisanduku cha sita? Kama kilikuwa cheupe, mambo yote yanageuka.

Njugu_Mawe
Nimemuuliza. Anasema "nadhani" cheusi. Halafu kaniuliza kama nimeitwa usaili wa pili, maana yeye kaitwa.

Mtoa_Hesabu
Na alijaza B!

Mkaa_Jikoni
Sasa muulize alichora vijiti vingapi kwenye barua ya maombi.